Picha Thelathini na Kabati Moja: Namna ya Kuujua Mtindo Wako wa Mavazi



Ndugu msomaji, muhula uliopita zilinibakia wiki sita kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na mkononi nilikuwa na shilingi 150,000 ambazo mama alinitumia kutoka Busia. Pesa hizo zilikuwa za nguo tu. Nilipangiwa shule ya sekondari, somo la dini, na nilijua kwamba nitasimama mbele ya wanafunzi ambao baadhi yao ni wakubwa karibu sawa na mimi. Nguo nilizokuwa nazo kabatini zilikuwa kumi na moja. Nilizokuwa nikizivaa kweli ni nne. Saba zilizobaki zilikuwa zinaning'inia pale kama wageni waliokosa wa kuwakaribisha.

Katika hizo saba ilikuwemo suti ya kitenge, blauzi na sketi, iliyobanwa kiunoni na yenye mikono iliyovimba mabegani. Nilimwonyesha fundi picha kwenye simu, nikamwambia, "Nataka kama hii." Akaishona vizuri, akachukua shilingi 120,000 pamoja na kitambaa, na mimi nikaivaa mara moja tu, kwenye harusi Tororo. Siku nzima nilikuwa navuta blauzi chini na kulegeza kiuno. Kosa halikuwa la fundi. Baadaye niliirudia ile picha na kuitazama kwa utulivu. Yule dada alisimama kwenye baraza, jua la alasiri liko nyuma yake, anacheka. Nililolipenda lilikuwa lile jua na kile kicheko, na hivyo viwili fundi hawezi kukushonea.

Safari hii sikutaka kurudia. Mwenzangu wa chumba, dada wa Tanga ambaye nyumbani kwao wanashona kwa riziki, aliniona nikipekua picha usiku na kuhangaika kama mimi ni mtu wa abaya au mtu wa vitenge. Akaniambia, "Dada, usianze na jina. Leta picha zako zote, tuzihesabu." Somo hili ndilo ninalokuletea, pamoja na hesabu yenyewe, kwa sababu bila kuiona hesabu ni rahisi kudhani ni mambo ya kubahatisha.

Kwanza tuelewane juu ya majina matatu nitakayoyatumia. Mtindo wa klasiki ni ule wenye mistari iliyonyooka na kukaa sawa: bega limekaa mahali pa bega, kola ipo, kitambaa kimepigwa pasi kikashika, rangi zimetulia na juu panaoana na chini. Mtindo wa kujinafasi ni ule wenye upana na tabaka: bega linashuka kidogo chini ya mfupa, mkono ni mpana, kitambaa kinaanguka chenyewe, na mtu anaonekana anaweza kuketi kwenye mkeka bila kufikiria nguo yake. Mtindo wa ubunifu ni ule unaochanganya vitu ambavyo hukuvitegemea pamoja: kitenge na kitambaa cha mistari, pindo lililo refu upande mmoja, tarizi mahali pasipo pa kawaida. Yapo majina mengine mengi, lakini haya yanatosha kuanzia. Tena ni nadra mtu kuwa na moja tupu. Mara nyingi liko moja kuu na jingine linaloonja tu, kama pilipili kwenye mchuzi.

Na kuhusu stara, sitarudia masharti ambayo kila mmoja wetu anayajua: nguo isitiri, isibane, isiangaze. Mwalimu wetu wa fiqhi husema kwamba sheria imetuwekea mipaka na haikutuwekea mkato. Ndani ya mipaka hiyo dada wawili wanaweza kusimama safu moja ya Sala na mavazi yao yakawa mbalimbali kabisa. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta hapa.

Tuanze na kukusanya. Mwenzangu alinitaka nikusanye picha thelathini kwa muda wa siku kumi, na alinikataza kuzichambua wakati wa kukusanya. Ukipenda, hifadhi, endelea. Chini ya ishirini ni chache, kwani picha mbili tatu zinazofanana zinaweza kukupotosha. Zikizidi hamsini unachoka na kuanza kuhesabu ovyo. Lakini jambo kubwa kuliko idadi ni mahali zinapotoka. Mitandao ya picha ina tabia moja: ukishikilia picha tatu za abaya la rangi ya mchanga, kesho yake inakumiminia thelathini za rangi ya mchanga. Ukihesabu hizo utadhani unapenda rangi ya mchanga, kumbe umehesabu ukarimu wa mtandao. Basi mimi nilijiwekea sharti la kutochukua zaidi ya kumi na tano kutoka mtandaoni. Saba zilitoka katika albamu ya nyumbani, picha za mama na mashangazi miaka ya nyuma. Nane zilikuwa zangu mwenyewe, za siku ambazo nakumbuka nilivaa nikasahau kuwa nimevaa.

Hizo nane zina thamani kubwa, usiziache. Picha ya mtu mwingine inakuonyesha unalolitamani, lakini yako mwenyewe inakuonyesha unaloliweza. Na adabu ni hii: usimpige picha dada aliyepita mbele ya maktaba kwa kuwa umependa mtandio wake. Muombe, au andika tu kwenye daftari ulichokiona. Ndugu zetu wa kiume nao wasije wakasema jarida limewaruhusu kukaa mtandaoni wakitazama mabinti. Wao watafute picha za wanaume, na nitawafikia.

Baada ya siku kumi tuliketi na simu, daftari na kipande cha karatasi. Kazi ya kwanza ni kuchuja. Kwa kila picha unafunika uso kwa karatasi, kisha unafunika mandhari ya nyuma, kisha unajiuliza kama bado unaipenda. Inaonekana ni mchezo wa watoto, lakini kwangu iliondoa picha tisa kati ya thelathini. Nne zilikuwa na milango ya kuchongwa na vichochoro vya mji wa kale nyuma yake, na nilipofunika mlango, nguo iliyobaki ilikuwa dera la kawaida. Tatu zilikuwa ni uso tu. Mbili nilipenda mkoba na viatu. Zikabaki ishirini na moja.

Katika mchujo huo huo kuna swali la pili, linalotuhusu sisi hasa. Picha zangu mbili zilikuwa za nguo zisizo na mikono. Nilitaka kuzitupa, mwenzangu akasema ngoja, mvishe mikono kichwani mwako, mfikishe pindo kwenye kifundo cha mguu, kisha useme kama bado unaipenda. Moja ilibaki vilevile, maana nililolipenda lilikuwa rangi. Ya pili iliharibika, kwani uzuri wake wote ulikuwa ni ule ufinyu wa juu na upana wa chini, lakini tuliiacha katika hesabu na kuiwekea alama. Alama hiyo ina kazi. Ukiona picha zenye alama ni nyingi, jua kwamba unachokipenda kukitazama na unachoweza kukivaa vimeachana, na usimpe fundi picha ya namna hiyo ukitaraji ataipatanisha kwa kuongeza kitambaa. Mkato ulioundwa kwa ajili ya mikono mitupu ukiongezewa mikono unakaa vibaya kwapani, na utauona unavutika kila unapoinua mkono kuandika ubaoni.

Sasa tunaingia kwenye kusoma picha, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kwa kila picha tuliandika mambo manne tu: mkato, kitambaa, rangi, na pambo.

Mkato unausoma kwa kufumba macho nusu mpaka nguo inakuwa kivuli. Je, kivuli kinashuka moja kwa moja kutoka begani, kinaingia kiunoni kisha kinatoka, au kinapanuka kutoka kifuani? Kisha tazama pindo la vazi la juu linaishia wapi: nyonga, paja, goti au chini. Jambo la kuangalia ni kwamba picha nyingi za dukani zinadanganya katika mkato. Nguo pana hubanwa kwa vibanio mgongoni ili mbele ionekane imemkaa mvaaji. Utaitambua kwa mikunjo inayovutwa kwa ubavuni kuelekea nyuma, ilhali amesimama wima bila kujipinda. Na kamera ikipigwa kutoka chini, karibu na magoti, mtu anarefuka. Ukiona kichwa ni kidogo kuliko unavyotarajia na viatu vinaonekana vikubwa, basi urefu ule ni wa kamera.

Kitambaa kinasomeka kwa mikunjo yake. Mikunjo midogo, mingi, inayoshuka wima kama maji ni kitambaa chenye kuanguka: krepu, viskosi, au nida ile ya maabaya. Mikunjo michache, mikubwa, yenye pembe kana kwamba ni karatasi iliyokunjwa ni pamba ngumu au kitani. Kitenge kipya cha nta kiko kundi hili pia, husimama mbali na mwili mpaka kifuliwe mara kadhaa. Na ukiona mstari unaong'aa juu ya kila mkunjo, hiyo ni satini au polista laini. Hili ni muhimu kwa sababu watu wengi wanamwonyesha fundi picha ya krepu huku mkononi wameshika kitenge, kisha wanashangaa kwa nini nguo imesimama kama hema. Vipimo ni sahihi, kilichokosewa ni kitambaa.

Rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Tafuta kitu ambacho lazima ni cheupe katika picha, kama karatasi, ukuta au soli ya kiatu. Kama nacho kina umanjano, basi picha nzima imetiwa umanjano na ile "kahawia ya asali" uliyoipenda huenda ni kijivu. Kwa hiyo mimi sikuandika jina la rangi peke yake, niliandika pia umbali kati ya rangi. Ingia mahali pa kuhariri picha kwenye simu, ondoa rangi zote mpaka ibaki nyeusi na nyeupe. Kama mtandio na nguo vinakaribiana kwa weusi, unapenda rangi zinazotulizana. Kama kimoja ni cheupe kabisa na kingine cheusi kabisa, unapenda zinazopambana. Jambo hili picha haiwezi kulificha kirahisi, hata ikitiwa umanjano.

Pambo ni chochote kilichoongezwa: tarizi, vifungo, ukanda, marinda, mchoro wa kitambaa. Hapa tuliandika mbili tu: lipo au halipo, na liko mahali pangapi.

Tulipomaliza, karibu saa sita ya usiku, tulihesabu. Kabla ya kuhesabu mwenzangu aliniuliza nadhani mtindo wangu ni upi. Nilijibu bila kusita: ubunifu. Nilijua napenda vitenge, na ile suti ilinigharimu pesa kwa imani hiyo. Sasa tazama matokeo. Katika picha ishirini na moja, kumi na saba zilikuwa na mkato unaoshuka moja kwa moja kutoka begani, bila kiuno. Kumi na nne zilikuwa na tabaka lililo wazi mbele: abaya la wazi, kizibao kirefu, koti jepesi. Kumi na tano zilikuwa na mtandio wenye weusi unaokaribiana na nguo. Kumi na sita hazikuwa na mchoro wowote. Zenye kitenge zilikuwa tano tu, na katika hizo tano, nne kilikuwa mahali pamoja: ukingo wa mikono, ukanda wa mbele wa koti, au mkoba.

Nilikaa kimya. Mimi siyo mtu wa ubunifu aliyekosa fundi mzuri. Mimi ni mtu wa kujinafasi anayependa kitenge kwa kionjo. Na katika zile picha zangu nane, hakuna hata moja iliyokuwa na kiuno. Ushahidi ulikuwepo kwenye simu yangu miaka miwili.

Kuna kanuni ndogo ya kusoma hesabu hii. Linalojirudia katika theluthi mbili ya picha au zaidi ndilo mtindo kuu. Kwangu theluthi mbili ya ishirini na moja ni kumi na nne, kwa hiyo mkato, tabaka, utulivu wa rangi na kutokuwa na mchoro vyote vilipita. Linalojirudia mara nne au tano na daima kwa namna ileile ndilo kionjo. Lililotokea mara moja mbili liache, hata kama linakuuma kuliacha. Mimi nilikuwa na picha moja ya kanzu ya kike ya zambarau iliyotariziwa dhahabu kifuani, na ningeweza kuifia. Ilikuwa moja. Na kama hakuna linalofikia theluthi mbili, mara nyingi umekusanya kwa matukio mawili tofauti, labda nusu za harusini na nusu za chuoni. Zitenganishe, uhesabu kila fungu peke yake.

Hapo tunakuja kwenye shida niliyokuwa nayo. Shuleni wanataka mwalimu aonekane rasmi, na mtindo wa kujinafasi ukikosewa unaonekana kama nguo ya kushinda nyumbani. Mwenzangu alinifahamisha kwamba mpaka kati ya hivyo viwili mara nyingi ni kitambaa na bega, upana si tatizo. Nguo pana ya jezi nyepesi iliyoshuka bega inasema nimetoka kulala. Nguo hiyo hiyo kwa krepu nzito, bega likakaa mahali pake, na pindo likapigwa pasi, inasema nimekuja kazini. Kwa maneno mengine niazime jambo moja kutoka klasiki, yaani bega, na mengine yote yabaki yangu.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, nilijaribu kwa nguo nilizonazo. Siku tatu mfululizo nilivaa kulingana na ile hesabu: gauni langu la kijivu, juu yake abaya jeusi lililochakaa ambalo nililifumua mshono wa mbele, na mtandio wa kijivu kilichokolea kidogo. Kila asubuhi mwenzangu alinipiga picha mahali pamoja, kwenye ukuta wa nje wa bweni, saa ileile, simu ikiwa usawa wa kifua. Jioni niliandika mara ngapi niliigusa nguo kuirekebisha. Siku ya kwanza mara sita, kwa sababu lile tabaka la wazi lilikuwa linapepea upepo wa kutoka Wanale unapoanza. Siku ya pili nilitia vibanio viwili vidogo chini ya goti, ikawa mara mbili. Siku ya tatu sikuhesabu, nilisahau. Siku ya harusi ya Tororo ningehesabu ningefika mia.

Majaribio hayo yalinionyesha pia kitu ambacho picha haikunionyesha. Mikono mipana inachota chaki. Nilipokwenda darasani tupu kuandika ubaoni, ukingo wa mkono wa kulia ulifuta mstari wa juu nilipokuwa naandika wa chini. Kwa hiyo nguo ya kazi ilibidi iwe na mkono unaofungwa kifundoni, kwa kifungo au mpira, na upana ubaki kwapani na kwenye kiwiko.

Sasa manunuzi. Mivumbani hapa Mbale niliingia nikijua natafuta nini, na hilo peke yake lilinipunguzia saa mbili za kuzunguka. Nilitafuta magauni marefu ya kiume au ya kike bila kujali, mradi krepu au viskosi nzito, rangi moja, bila kiuno. Nilipata mawili, la kijani kilichofifia kwa 15,000 na la bluu ya usiku kwa 20,000. Nilikagua kwapa, kola na pindo kwenye mwanga wa nje, kwani ndani ya kibanda bluu na nyeusi ni ndugu. Kisha nikanunua mita tatu za krepu nyeusi kwa 36,000 za kizibao kirefu kisicho na mikono, ambacho kingekwenda na magauni yote mawili na la kijivu nililokuwa nalo.

Kwa Mama Fundi sikwenda na picha moja. Nilikwenda na picha tatu, na kila moja nilimwambia ninachokitaka ndani yake na nisichokitaka: hii ni bega tu, hii ni urefu tu, hii ni mkono tu, usitazame mengine. Alicheka akasema, "Mwanangu, wateja wangu wote wangekuja hivi ningelala mapema." Kizibao na marekebisho ya mikono ya magauni vilikuwa 45,000. Kitenge nilikuwa nacho: nilifumua ile sketi ya harusini, akaikata kuwa ukanda wa vidole vinne kushuka mbele ya kizibao, upande mmoja. Nilitumia 116,000 jumla. Zilizobaki nilinunua mitandio miwili inayokaribiana na magauni, na zikabaki nauli za kwenda Busia.

Nimeahidi kuwafikia ndugu wa kiume. Mmoja wa viongozi wetu wa jumuiya alinisikia nikisimulia, akafanya hesabu yake kwa kanzu. Wengi hudhani kanzu ni kanzu, lakini katika picha zake ishirini zilikuwepo aina tatu zinazolingana kabisa na majina yetu. Iko ya Saudia, yenye kola iliyosimama na vikuku vya mikononi kama shati, hiyo ni klasiki. Iko ya Omani, isiyo na kola, shingo ya mviringo na kishada kikining'inia, imelegea, hiyo ni ya kujinafasi. Na iko yetu ya Uganda, yenye ile tarizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani, inayoitwa omulela. Yeye alikuwa anavaa ya Saudia kila Ijumaa kwa sababu ndiyo zawadi aliyopewa, na kila mara akifungua kifungo cha juu kabla ya hotuba kwisha. Katika picha zake, kumi na nne hazikuwa na kola. Hakununua kitu. Alimpelekea fundi kanzu ileile, kola ikaondolewa, shingo ikapindwa. Ikagharimu kidogo kuliko chakula cha wiki.

Mimi nilimaliza mazoezi yangu kwa magauni matatu na kizibao kimoja, nikivibadilisha wiki zote. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Ustadha, kwa nini kile kitenge kiko upande mmoja tu?" Nilimwambia ni hadithi ndefu, afungue ukurasa wa somo. Ile picha ya zambarau na dhahabu bado iko kwenye simu. Nimeihamisha kwenye fungu lingine, la Idi, ambalo mpaka sasa lina picha nne, na sitalihesabu mpaka zifike ishirini.